Vidonge Viwili vya Daku

Mama yangu aliitema sukari. Nilikuwa nimeilowesha kwa maji kidogo kwenye kijiko, nikaiweka ndani ya shavu lake, na kwa muda mfupi nilidhani anaimeza. Kisha aligeuza uso akaitema pembeni ya mkeka. Jua lilikuwa bado liko juu ya mikorosho.

"Bado," alisema.

Alikuwa ameloa jasho kama mtu aliyetoka kuoga, mikono inamtetemeka, na nilipomuuliza mimi ni nani alinitaja kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Lakini kuhusu jua hakukosea. Lilikuwa bado.

Mambo yaliyotufikisha kwenye mkeka ule nimeyakusanya kidogo kidogo, kwa yale niliyoyaona na kwa kuwauliza waliokuwapo. Nayaandika kwa mpangilio wake.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamie kijijini. Zamani tuliishi mbali kidogo na Kitomanga, nyumba moja moja, kila nyumba na mikorosho yake na minazi michache ya marehemu baba. Kutoka kwetu hadi kwa jirani ulipita vichaka viwili na mto mkavu. Kisha tukaambiwa tusogee barabarani ili tupate shule, zahanati na bomba. Shule tulipata, na mimi nikawa mwalimu wake. Zahanati tulipata. Bomba lilikuja, likatoa maji msimu mmoja, likanyamaza.

Nyumba zilipangwa kwa mistari. Kaka yangu, aliyekuwa mjumbe katika kamati ya kijiji, alishika kamba mwenyewe siku ya kupima. Aliipenda sana mistari ile. Ukisimama mlangoni kwetu uliona milango ya nyumba zote za upande wa pili, na ukipita nyuma uliona majiko ya mstari wa nyuma. Hakuna aliyekuwa na ua. Kule tulikotoka kila mwanamke alikuwa na ua wake wa makuti, na nyuma ya ua ule ndipo alipooga, alipokosha vyombo, na alipokula mchana wa Ramadhani siku zisizomruhusu kufunga. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu hakuna aliyemwona. Kijiji kipya kilikuwa hakina minazi ya kutupa makuti ya kutosha, na miti ya kujengea ilikuwa imekwisha kwenye mapaa.

Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari. Uligunduliwa mwaka mmoja kabla ya kuhama, kidonda cha mguuni kilipokataa kupona. Hospitali mjini walimpa vidonge vyeupe, akaambiwa ameze kimoja kila siku baada ya chakula cha asubuhi, na asimeze kamwe kama hajala. Alivipenda. Alivifunga ndani ya pindo la kanga na kuviita "vijana wangu".

Kipimo chake kilikuwa mkojo. Mganga wa zahanati, ambaye sote tulimwita dresa ingawa alikuwa amesoma zaidi ya udresa, aliudondosha matone machache ndani ya kichupa chenye dawa ya buluu, akakipasha motoni. Ukibaki buluu, hakuna sukari inayomwagika. Ukigeuka kijani, ipo kidogo. Ukifika rangi ya tofali, hali mbaya. Mama alikwenda kupimwa kila wiki kama anayekwenda kwa fundi cherehani kuangalia nguo yake. Akirudi alitangaza njia nzima: "Buluu!"

Jirani yake wa mlango wa kulia, mwanamke wa Kimakonde aliyekuwa mtani wake na rafiki yake wa karibu kuliko ndugu wengi, alimjibu kutoka jikoni: "Buluu, buluu! Utadhani umepimwa akili. Hiyo wangeipima ingetoka nyeusi."

"Nyeusi yako wewe unayekula panya."

"Panya wako watamu, we mama. Wewe kwenu mnakula nini, sifa?"

Ndivyo walivyosalimiana kila asubuhi.

Mwezi wa Shaaban nilimpeleka mama hospitali. Daktari, kijana wa bara mwenye sauti ya chini, alimuuliza kama amewahi kuanguka au kutetemeka. Mama alisema hapana. Mimi nikasema ndiyo, mara moja, alipochelewa kula siku ya mavuno ya mtama. Alinitazama kwa jicho ambalo sikulisahau njia nzima ya kurudi.

Daktari alimwambia asifunge. Alilieleza jambo lenyewe polepole: kidonge hiki kina kazi ndefu. Ukikimeza leo, kesho bado kimo mwilini kinashusha sukari. Kama chakula kinaingia, kinashusha kilichozidi. Kama chakula hakiingii, kinashusha hata kile kidogo unachohitaji ili uwe na akili zako. Na kwa mtu mzima, ambaye figo zake zimechoka, kinakaa zaidi. Mama alisikiliza, akaitikia "ndiyo baba" kila aliponyamaza, na mwishoni akamuuliza: "Sasa nikifunga nikimeze saa ngapi?"

Daktari alicheka kwa kukata tamaa. Akamwambia kwamba hamruhusu, lakini kwa kuwa anaona atafunga tu, basi ayashike haya. Kidonge kihamie kwenye futari, akimeze pamoja na mlo mkubwa, kisimezwe daku. Daku ale kweli na ale mwishoni, karibu na alfajiri, asile mapema akalala. Maji anywe tangu magharibi mpaka daku. Akisahau kidonge, akiache, asubiri cha kesho. Na akitoka jasho bila joto, akitetemeka, moyo ukimwenda mbio, au watu wakisema maneno yake hayaeleweki, afungue hapo hapo kwa sukari au kitu kitamu, hata kama muadhini ameshapanda kuadhini.

"Hata kama ameshika masikio?" mama aliuliza, na hapo alikuwa anatania.

"Hata kama ameshafumbua mdomo," daktari akamjibu.

Nyumbani tulikaa kikao. Tulikuwapo mimi, kaka, na mwalimu wa chuo, mzee aliyefundisha watoto Kurani kwenye kibanda karibu na msikiti. Kaka alimwita ili maneno yatoke kinywani kwake, kwa sababu mama angeweza kututupilia mbali sisi aliotuzaa. Mwalimu hakuzunguka. Alisema mgonjwa ameruhusiwa na Aliyeamrisha saumu, tena kwa ugonjwa usiotarajiwa kuondoka mtu hata hasumbuliwi kulipa. Anatoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku, na amemaliza.

"Na mtu akijua kufunga kutamdhuru," aliongeza, "basi kufunga kwake hakuna thawabu, kuna dhambi."

Mama alikuwa anachambua mchele. "Nimesikia, mwalimu."

"Umesikia au umekubali?"

"Nimesikia."

Alipoondoka mwalimu, mama alinisemesha mimi, si kaka. "Nitakula wapi?" aliuliza.

Nilimwambia ale ndani.

"Ndani kuna joto na mlango ukifungwa mchana watu watasema tuna maiti. Na moshi? Nitapika uji wangu, moshi utoke kwenye paa, wanawake wa mstari mzima wajue bibi yule anakula. Watoto unaowafundisha wapite wanichungulie. Mimi sijawahi kula Ramadhani mbele ya macho ya mtu tangu nivunje ungo."

Kaka alisema atamjengea ua. Alisema kwa dhati. Kesho yake alichimba mashimo manne nyuma ya nyumba, akasimamisha nguzo mbili. Kisha korosho zikaanza kuanguka, na kamati ikapanga zamu za shamba la kijiji, na makuti yaliyoagizwa Mchinga hayakufika. Zile nguzo mbili zilisimama peke yake, watoto wakawa wanazipigia mpira kama goli.

Jirani alimpa chumba chake cha nyuma. "Njoo ule kwangu. Mimi nyumba yangu haina sifa, hata nikikuficha mwizi hakuna atakayeshangaa."

"Kwako nitakula panya bila kujua."

"Utakula na utaomba tena."

Walicheka wote. Mama hakwenda hata siku moja.

Kwa hiyo alifunga. Siku za mwanzo nilimwangalia kama mtu anayeangalia sufuria ya maziwa motoni. Alifuata maelekezo. Kidonge alikimeza na futari, baada ya muhogo wa nazi na uji wa pilipili manga. Alikunywa maji. Daku aliamka ngoma ya kuamshia watu ilipopita, akala wali wa jana uliopashwa, akanisubiri nimalize ndipo atie nia. Alikwenda zahanati na kupimwa. Dresa alimwambia ni buluu, akarudi akitangaza, ila kwa sauti ya chini kwa sababu ya saumu.

Dresa alinifuata shuleni siku hiyo hiyo. Alisimama mlangoni mwa darasa mpaka watoto wakaanza kucheka. Alisema: "Mwalimu, usiifurahie sana hiyo buluu. Inaniambia sukari haijazidi. Haiwezi kuniambia imeshuka mpaka wapi. Mtu aliye sawa ni buluu, na mtu anayekaribia kuzimia ni buluu vilevile." Nilimuuliza kama kuna kipimo cha kuonyesha kushuka. Alisema kipo, mjini.

Nilimweleza mama. Alinijibu, "Huyo kijana hapendi kuona mtu mzima ana furaha."

Futari kijijini ilikuwa haifanywi nyumba kwa nyumba tena. Kwa kuwa nyumba zilikuwa zimetazamana, wanaume walianza kutandika mikeka katikati ya njia, kila mke akatoa sinia lake. Wanawake nao walikusanyika nyuma. Ulikuwa utaratibu mzuri, na wengi wetu tulioondolewa kwetu kwa malalamiko tuliupenda. Nyuma ya nyumba yetu ndipo palipokuwa na nafasi, kwa sababu ya ule ua usiojengwa, basi wanawake wa mstari wetu walifuturu pale. Mama ndiye aliyegawa. Alikula akiwa amesimama, mwiko mkononi, akiulizia nani hajapata mchuzi. Kisha sala, kisha tarawehe.

Katikati ya mwezi, kwa siku mbili mfululizo, kulikuwa na wageni kutoka Milola, ndugu wa upande wa baba. Siku zote mbili mama aligawa, akaosha, akasali, akalala. Siku zote mbili hakumeza kidonge.

Haya sikuyajua wakati ule. Aliyejua ni jirani, naye aliyajua asubuhi ya siku yenyewe, walipokutana kwenye mtungi. Alinisimulia baadaye, na nimemrudisha kwenye simulizi hiyo mara nyingi kuona kama itabadilika. Haijabadilika. Mama alimwambia: "Nilikuwa nadaiwa vijana wawili. Nimewalipa daku."

Jirani alidhani ni maneno ya mzaha tu. "Nikamwambia lipa na shuka langu ulilonichania," alisema. "Akacheka. Nami nikacheka."

Mama hakuwa mjinga, na hakuwa msahaulifu wa maelekezo. Kwake lililopita bila kufanywa lilikuwa na njia moja tu. Siku alizokula kwa sababu ya uzazi na hedhi alizilipa moja moja, miezi ya baridi, na aliweza kukwambia ni ya mtoto yupi. Sala iliyompita kwa usingizi aliisali alipoamka. Maisha yake yote alikuwa safi kwa sababu hakuacha kitu nyuma yake kisicholipwa. Daktari aliposema "ukisahau kiache", nafikiri yalikuwa maneno ambayo sikio lake lilisikia na moyo wake haukujua uyaweke wapi.

Na daku ile hakula kweli. Ngoma ilipopita alikuwa amechoka kwa kazi ya wageni. Nilimwamsha mara mbili akaitika mara mbili. Alipoinuka watu walikuwa wanamalizia. Alichukua kipande cha muhogo, akatafuna nusu, akanywa kikombe cha maji. Nilimwona anafungua pindo la kanga. Alfajiri ikaadhiniwa.

Mchana alikuwa mkali kwa watu, jambo lisilo kawaida yake. Alimfokea kaka kuhusu nguzo. Jioni nilipotoka shule nilimkuta amekaa mkekani, nyuma ya nyumba, ungo wa mchele umemwagika miguuni, naye anaokota punje moja moja akiziweka mahali pasipo na ungo. Kanga imemganda mgongoni kwa jasho. Kulikuwa na upepo.

Nilikimbia ndani nikachukua sukari. Tulikuwa nayo kidogo, imefungwa kwenye karatasi, maana sukari nayo ilikuwa ya mgao. Yaliyofuata nimeshayasema.

Baada ya "bado" aliinamia upande akalala, na nilipomtikisa hakufumbua macho. Jirani alikuwa ameshasikia. Alitaka kumnywesha maji ya sukari kwa nguvu, nami nikataka vilevile, lakini dresa, aliyeitwa na watoto, alikuwa anakuja mbio akapiga kelele kutoka njiani: "Msimmiminie! Yatakwenda mapafuni!" Alimgeuza ubavu, akafunga mkono wake kwa mpira, akatafuta mshipa. Mishipa ya mama ilikuwa myembamba kama uzi. Alichoma, akakosa, akachoma tena. Kisha akasukuma ndani dawa nene ya maji ya sukari, polepole, huku akimtazama usoni.

Wanawake wa mstari wote walikuwa wamesimama. Hakukuwa na makuti ya kuwazuia.

Magharibi ilikuwa inaadhiniwa mama alipofumbua macho. Alitutazama wote, akavuta kanga kichwani. Kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa, "Nimefungua?"

"Sasa ndiyo unafungua," jirani alimjibu huku analia. "Fumbua huo mdomo kabla sijakupiga."

Alikula. Alikula tende, uji, na samaki, na akamwambia jirani mchuzi wake hauna chumvi. Watu wakacheka, wakashukuru, wakaanza kurudi makwao. Kaka alikuja akakaa karibu naye.

Ni dresa peke yake ambaye hakuondoka. Alimuuliza mama amemeza nini na lini, na mama, ambaye sasa akili zake zilikuwa zimerudi, alimwambia bila kuficha. Vidonge viwili, daku. Dresa akatuita mimi na kaka pembeni.

"Hii haijaisha," alisema. "Sukari niliyompa itatumika, vidonge bado vitakuwapo. Vitamshusha tena, usiku au kesho, labda na kesho kutwa. Anatakiwa alale hospitali, kwenye dripu. Mimi nilikuwa na chupa mbili ndogo za dawa ile. Zote nimezitumia."

Kaka alitoka kutafuta gari. Trekta la kijiji lilikuwa limevunjika ekseli. Lori la korosho lilitarajiwa kupita asubuhi. Tukakubaliana litampeleka, na mpaka hapo tumlishe kila mara. Tulimlisha. Alilalamika kama mtoto, akala. Mara ya mwisho ilikuwa kabla ya alfajiri, uji wenye sukari yetu yote iliyobaki. Kisha akaniomba maji ya kutawadha, na nilipomletea nikasikia midomo yake inatia nia.

"Mama, leo hufungi."

"Nimeshakula vizuri. Unaniona mzima."

"Dresa amesema ule kila saa."

"Dresa amesema, daktari amesema." Alisema kwa upole, hakuwa na hasira. "Jana nimelala mbele ya kijiji kizima kichwa wazi. Niacheni leo nikae kama watu."

Kaka alimbembeleza. Jirani alikuja na kikombe cha chai, akasimama mbele yake, akamtukana matusi yote ya utani anayoyajua na mengine yasiyo ya utani. Mama alitabasamu. Tukamtuma mtu kwa mwalimu wa chuo, tukaambiwa amelala shambani kulinda nguruwe wasile mihogo. Mtu akamfuata huko.

Lori lilichelewa. Jua lilipofika juu ya paa la msikiti nilimwona mama anapangusa paji la uso kwa kiganja. Nilimshika mkono: maji baridi. Nilimwekea kikombe mdomoni akakaza meno. Sijui kama wakati ule alikuwa anakataa au kama ni ugonjwa uliokuwa unakataa. Dresa alisema sukari ikishuka mtu hukaza meno na kupigana bila kujua. Ninachojua ni kwamba mwalimu alipofika, miguu imejaa vumbi la shamba, akapiga magoti akasema kwa sauti kubwa, "Mama, nakuamuru kwa jina la Mungu, fungua," hakukuwa na wa kumwamuru. Dresa alimlaza ubavu, akachovya kidole kwenye asali aliyoleta mtu, akampaka kwenye ufizi, kidogo kidogo, akisubiri kila mara. Ndiyo njia iliyobaki.

Lori likaja. Tulimlaza juu ya magunia ya korosho, kichwa mapajani kwa jirani, nami nikimpaka asali. Tulipopita njia panda ya Mchinga alikuwa bado anapumua. Hatukufika mjini. Dereva alizima injini bila kuambiwa, akashuka, akasimama upande wa pili wa barabara akitupa mgongo.

Tulimzika siku ile ile, baada ya alasiri. Kwa desturi mtani ana haki ya kufanya vituko msibani, kulala kaburini, kudai jungu la marehemu. Watu walimtazama jirani wakisubiri. Alikaa karibu na jeneza muda mrefu, kisha akasema, "Leo sina," akatoka nje.

Kaka aliumaliza ua baada ya Idi. Nilimwachia, kila mtu ana namna yake. Kilichotuletea ugomvi ni kingine. Siku ya tatu ya msiba kaka alitaka kujua kama mama ameondoka anadaiwa. Siku zake zote za mwezi ule zilikuwa kamili isipokuwa mbili za mwisho. Siku ya mwisho, alisema mwalimu, asali alipakwa akiwa hana fahamu, na mtu aliyekufa katikati ya mchana wa saumu mambo yake yako kwa Mola wake, hiyo tusiiguse. Ila ile ya kabla yake. Sukari aliitema. Chakula alikula magharibi imeingia. Lakini sindano ilipita mshipani jua likiwa bado lipo, nayo ilikuwa ni sukari, yaani chakula.

"Sindano ya homa haifunguzi, hilo najua," mwalimu alisema. "Hii ya kulisha, wanachuoni wamehitilafiana. Na hakuiomba, alichomwa. Nitamuuliza sheikh wangu Kilwa Kivinje."

Alikwenda mwaka uliofuata. Sheikh alimwambia arudi na majibu ya maswali mawili: kama mama alikuwa na fahamu sindano ilipoingia, na kama ilikuwa imeshaingia yote kabla ya jua kuzama. La kwanza tulilijibu. La pili, dresa anasema alimaliza kusukuma kabla ya adhana, jirani anasema adhana ilianza dawa ikiwa nusu. Mimi nilikuwa namtazama mama.

Kaka ameitolea siku ile kibaba cha mchele kama siku inayodaiwa. Mimi naihesabu kuwa alifunga. Hatujakubaliana, na mwalimu amekwishafariki bila kurudi Kilwa.